Dai la Tatu

Winifred alilinyanyua jalada kwa mikono miwili, akalipima uzito kama mtu anayechagua kuku sokoni, kisha akalirudisha mezani kando ya sahani ya brosheti, mishikaki ya mbuzi.

"Hili ni jalada la ufundishaji au ni sanduku la mtu anayehama?"

Mukunde alicheka kwa adabu, si kwa furaha. Walikuwa wamekaa kwenye mgahawa wa Gisimenti, mtaa wa Kigali, ambao wahadhiri wa chuo chao huupenda kwa sababu wenye mgahawa hawamfukuzi mtu anayekaa na kikombe kimoja mchana kutwa. Winifred alikuwa mhadhiri mwandamizi wa idara ya elimu, mzaliwa wa Kampala, mwanamke aliyeketi kwenye kamati nyingi za ajira na hakuficha kuwa nyingi zilimchosha. Safari hii hakuwemo kwenye kamati, ndiyo maana aliweza kulisoma jalada la mwombaji.

"Nimeweka kila kitu, Da Winnie."

"Nimeona. Vyeti, mihtasari ya kozi, picha za mahafali, ujumbe wa simu wa wanafunzi wanaokushukuru. Umepanga mwaka kwa mwaka kama daftari la mahudhurio. Sasa niambie, mtu akimaliza kusoma yote haya, unataka aamini nini?"

"Kwamba nafundisha vizuri."

"Yii! Nani atakuja kusema anafundisha vibaya?" Winifred alichomoa karatasi moja kutoka katikati. "Huyu mwanafunzi anasema, 'Asante mwalimu, Mungu akubariki.' Hapo nimejua anakupenda. Sijajua amejifunza nini. Toa. Vunja jalada lote. Andika madai matatu, au manne. Dai ni sentensi ambayo mtu anaweza kubisha. Kisha chini ya kila dai weka ushahidi wa dai hilo, si wa jingine: kazi ya mwanafunzi kabla na baada, ripoti ya mwenzako aliyekaa darasani akakuona, andalio la somo ulilolibadilisha na sababu ya kulibadilisha. Usitegemee shahidi mmoja. Na karatasi isiyotetea dai lolote, hata kama umeilalia kwa machozi, iache nyumbani."

Mukunde alitikisa kichwa kukubali. Winifred aliendelea kufunua kurasa, halafu akasimama kwenye moja, na sauti yake ikashuka.

"Halafu kuna hili jambo la 'tu'. 'Tulibuni. Tulifundisha. Tuligundua.' Kila ukurasa."

"Tulikuwa wawili."

"Najua mlikuwa wawili, bambi," alisema Winifred kwa neno la huruma la kwao. "Lakini kamati haiwezi kuajiri 'sisi'. Itauliza wewe ulifanya nini."

Yule wa pili alikuwa Jean-Berchmans Nduwayo, na nafasi ya kazi iliyotangazwa ilikuwa yake. Alianguka bafuni mwezi wa tatu, asubuhi ya siku ya kazi, na presha ambayo hakuna aliyejua anayo ikammaliza kabla hajafikishwa hospitali. Walifundisha pamoja kozi ya Kiswahili cha mazungumzo kwa miaka minne, yeye mhadhiri, Mukunde mhadhiri msaidizi wa mkataba. Sasa kozi ilikuwa ya Mukunde peke yake hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo, kama si yeye atakayepewa nafasi, mkataba wake ungeisha na darasa angepewa mwingine.

Asubuhi iliyofuata aliyamwaga makaratasi yote juu ya meza ndefu ya chumba cha walimu. Dai la kwanza halikumsumbua. Aliandika kwamba wanafunzi wake huandika vizuri zaidi kwa kuwa huwarudishia insha zikiwa na maswali badala ya alama, na akaambatisha insha za wanafunzi watano, ya awali na iliyoandikwa upya, majina yameondolewa na ridhaa zao zimewekwa mwisho. Dai la pili lilihusu mtihani wa kusikiliza alioutunga kutokana na matangazo ya kituo cha mabasi cha Nyabugogo, na ushahidi wake ulikuwa mtihani wenyewe, matokeo, na barua ya mtahini wa nje. Meza ilianza kupumua. Karatasi zisizo na dai zikawa mlima sakafuni, na alishangaa jinsi mlima ule ulivyomuuma kidogo.

Kisha akafika kwenye lile la "tu".

Kwa uvivu, au kwa woga uliovaa nguo za uvivu, aliiamuru kompyuta itafute kila "tu" kwenye maandishi yake na kuweka "ni" mahali pake. Kompyuta ilitii. "Tulibuni" ikawa "nilibuni", safi kabisa. Lakini pia "watu" wakawa "wani". "Kitu" kikawa "kini". Mwanafunzi mmoja aliyesifiwa kwa utulivu sasa alisifiwa kwa "unilivu", "matumizi ya lugha" yakawa "manimizi ya lugha", na kichwa cha habari kilichokuwa "Dai la Tatu" kikasomeka "Dai la Tani".

Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Akageuka upande wa dirishani kumwonyesha Berchmans.

Kiti cha dirishani kilikuwa na kasha la karatasi za mashine.

Akayarudisha maandishi kama yalivyokuwa. Kisha akaanza kuondoa "tu" moja moja, kwa mkono wake. Kila aliposimama alipaswa kujiuliza: hapa nilikuwa mimi, au yeye, au kweli wote? Sentensi nyingine zilikubali "ni" bila kelele. Nyingine zilikataa, akaziacha. Alipofika kwenye mchezo wa nomino, kidole chake kikakaa juu ya kitufe kwa muda.

Mchezo huo ndio uliowapa jina chuoni. Kigali nzima husema "iko". Mtu iko, mti iko, kiti iko, maji iko. Ukimfundisha mwanafunzi orodha ya ngeli ataikariri, atafaulu, na akitoka mlangoni atasema kiti iko. Basi katika mchezo kila mwanafunzi hubandikwa nomino kifuani kwa wiki nzima, na hakuna ruhusa ya kumwita kwa jina lake wala kumsema bila upatanisho. Kiti kimechelewa. Mti umesinzia. Maembe yanapiga kelele. Walimu nao walibandikwa. Mukunde alikuwa chungwa, na aliponuna wanafunzi walinong'onezana kwamba chungwa limekasirika. Berchmans alikuwa kijiko.

Bila mchezo huo dai la tatu halikuwepo, na bila dai la tatu jalada lilikuwa la mwalimu mzuri kama walimu wengine wazuri. "Tulibuni mchezo wa nomino," yalisema maandishi. Akafuta herufi mbili. Akaandika herufi mbili.

Ushahidi ulikuwa sauti. Vipindi walivirekodi kwa simu zao, Berchmans akavihifadhi vyote kwenye kompyuta yake, na kompyuta ilikuwa nyumbani kwa mjane wake, Ingrid, mtaani Kicukiro.

Ingrid alimpokea kwa kumkumbatia na kuushikilia mkumbatio kidogo. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekulia Bujumbura kama mumewe, mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikuwa imesogezwa sebuleni tangu msiba. Uani, binti yao Pretty alikuwa akiruka kamba na mtoto wa jirani.

"Umepotea, Mukunde. Tangu matanga hujakanyaga hapa."

"Nisamehe, Mama Pretty. Kazi."

"Kazi," alisema Ingrid, bila ubaya. Alileta chai ya maziwa. Mukunde akaeleza: nafasi, kamati, jalada, sauti. Na kwamba kwa kuwa sauti ya marehemu imo ndani, hangeichukua bila ruhusa ya mwenye nyumba.

"Ni ile nafasi yake?"

"Ndiyo hiyo."

Ingrid aliweka kikombe chini. "Afadhali wewe. Kuliko mtu sijui atoke wapi. Nipe nisome ulichoandika."

Mukunde hakuwa ametarajia hilo. Alimpa ukurasa kwa sababu kumnyima kungekuwa kusema jambo. Ingrid alisoma polepole, kidole kikifuata mistari kama afuatavyo mshono. Kidole kikafika mahali, kikasimama.

"Mukunde. Hii 'ni' ni nani?"

Uani kamba ilipiga sakafu, ikapiga tena.

"Kamati inataka..."

"Sikuulizi kamati." Sauti yake haikupanda. "Mchezo huu ulianzia hapa. Kwenye meza hii unayonywea chai. Pretty alikuwa anaanza chekechea, kila kitu kwake iko, iko, iko. Baba yake akaandika vikaratasi. Mtoto akawa kikombe. Mimi nikawa sahani. Wiki nzima, mwanamke mzima nimebandikwa karatasi, nakwenda mpaka dukani nimesahau kuitoa! Mwenye duka ananiuliza, mama, unauza sahani?" Akacheka, akaulainisha ukurasa kwa kiganja. "Yeye akasema, kama kuna sahani na kikombe, mimi nitakuwa kijiko. Ndipo akaupeleka chuoni."

Mukunde hakujua. Miaka minne alidhani kijiko ni kijiko tu.

"Mimi na yeye tuliuendeleza," alisema, na akasikia jinsi "tu" ile ilivyokuja yenyewe, bila kuitwa.

"Basi andika hivyo. Mimi sijasoma mambo yenu, lakini najua kitu kilichoshonwa na watu wawili. Ukikikagua utaona huu ni mkono wa huyu, huu wa yule." Aliinuka, akaileta kompyuta ikiwa imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. "Tafuta unachotafuta. Sijaifungua tangu siku ile."

Mafaili yalikuwa yamepangwa kwa ule unadhifu wa Berchmans wa kuudhi: tarehe, darasa, mada. Mukunde alichukua lile lililoandikwa "Jioni, kipindi cha Mukunde" na kulifungua ili ahakikishe ni lenyewe. Kelele za viti zilijaa sebule. Sauti yake mwenyewe, ikiuliza gunia lililala wapi jana. Wanafunzi wakicheka. Mlango ukafunguliwa, na darasa zima likapiga ukelele kwa pamoja: "Kijiko kimechelewa!"

Kisha yeye, akihema kwa kupanda ngazi, akicheka kile kicheko chake kinachoanzia puani: "Kijiko kinaomba radhi. Kijiko kilikwama Nyabugogo."

Kamba uani ilinyamaza.

Pretty aliingia mbio, kiatu kimoja mguuni. Alitazama nyuma ya mlango. Akatazama chumbani, akarudi. Uso wake ulikuwa umefunguka wote.

"Papa iko wapi?"

Ingrid aliifunika kompyuta kwa viganja vyote viwili, kana kwamba ingeweza kumwagika. Mukunde, ambaye alikuwa ameisahihisha "iko" hiyo kwa wanafunzi, kwa makarani, kwa mapadri na hata kwa askari wa barabarani aliyekuwa akimwandikia faini dereva wake, alitafuta neno la kumpa mtoto wa miaka saba. Yupo halikufaa. Hayupo halikutamkika.

"Ilikuwa kompyuta, kikombe changu," alisema Ingrid hatimaye. "Sauti ya zamani. Njoo hapa."

Mtoto hakwenda. Alisimama akiitazama kompyuta, kisha akarudi uani kuchukua kiatu chake. Hakuruka tena kamba.

Ingrid alinakili vipindi vyote kwenye flashi, akaiweka kwenye kiganja cha Mukunde na kukifunga kwa vidole vyake. "Chukua. Yeye mwenyewe angekupa. Lakini usimfute, Mukunde. Sisi huku tunamfuta kidogo kidogo bila kutaka, nguo moja leo, kiatu kesho. Usitusaidie."

Kwa siku zilizobaki Mukunde alisikiliza. Ushahidi wa sauti haukubaliki kwa kusema tu kwamba darasa lilichangamka. Ilibidi achukue dakika zile zile za kila kipindi, aandike kila tamko, ahesabu waliozungumza na mara ngapi kiambishi kilipatana na nomino yake. Ilibidi arudishe nyuma, asikilize tena, arudishe nyuma. Mwishowe alikijua kile kicheko cha puani kwa sekunde zake, na alichukia kwamba alikijua hivyo.

Lakini ni humo alimoukuta mkono wake mwenyewe, kama alivyosema mshonaji.

Kipindi cha kwanza cha darasa la jioni kilikuwa cha Berchmans, na kilikuwa kibaya. Wanafunzi wa jioni walikuwa watu wazima, madereva, wauza nguo, wapagazi wa Nyabugogo waliokuja na vumbi la magunia mabegani. Alikuwa amewabandika vikaratasi vya nyumbani kwake, kikombe, sahani, ua, na wanaume wale walikaa kimya kwa aibu. Wawili tu ndio waliosema kitu chochote. Mwishoni sauti yake inasikika ikisema, chini kwa chini, "Chungwa, nimewapoteza hawa." Na sauti ya Mukunde ikajibu, "Hawataki kuwa vyombo vya mtu mwingine. Waache wachague wenyewe."

Alikuwa amesahau kabisa kwamba aliyasema hayo.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake. Hakugawa karatasi. Aliuliza kila mmoja: leo mikono yako imeshika nini? Gunia, akasema mmoja. Tiketi. Usukani. Mkokoteni. Wakajibandika walichokishika, na humo kwenye sauti karibu darasa zima linazungumza, likikosea, likisahihishana, likitaniana kwamba mkokoteni umeoa. Andalio la somo la zamani lilikuwepo, na juu yake masahihisho ya Mukunde kwa wino wa kijani. Ilikuwepo pia ripoti ya Winifred mwenyewe, aliyeketi nyuma ya darasa muhula ule na kuandika kwamba alimwona mpagazi akimsahihisha mwalimu. Mashahidi watatu, kila mmoja kivyake, juu ya jambo moja.

Akafuta "nilibuni". Dai la tatu likasomeka hivi:

*Mchezo wa nomino ulibuniwa na marehemu Jean-Berchmans Nduwayo. Ulipokwama kwa wanafunzi wa jioni, niliubadilisha ili kila mtu achague nomino kutoka kwenye kazi yake, na ushiriki wao pamoja na upatanisho katika mazungumzo vikaongezeka.*

Chini yake akaweka sauti mbili na jedwali la hesabu, andalio kabla na baada, na ripoti. Akaongeza aya moja ambayo Winifred hakumwambia aiweke: kwamba darasa lilikuwa dogo, kwamba wiki mbili hizo zilikuwa na walimu wawili tofauti, hivyo si mabadiliko ya mchezo peke yake yanayopimwa, na kwamba nje ya darasa wengi waliendelea kusema iko.

Winifred alipolisoma alivua miwani. "Umelipunguza dai."

"Nimelipunguza mpaka kipimo changu."

"Sasa ndiyo linasimama," alisema, na hakutania.

Kwenye usaili, mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole aitwaye Ndihokubwayo, aliufunua ukurasa ule ule. "Bibi, kuna waombaji humu ambao wamebuni kila kitu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Wewe umeanza dai lako bora kwa jina la mtu mwingine. Kwa nini?"

Mukunde alikuwa ameandaa jibu refu. Akaliacha. "Kwa sababu ushahidi una sauti yake, mzee. Ukiusikiliza utamsikia anaingia."

Wakaomba kusikia. Wakasikia. Mmoja wa wanakamati, aliyewahi kula meza moja na marehemu, akainamia kalamu yake.

Barua ya ajira ilitoka kabla ya muhula kuanza. Mukunde aliisoma kwenye korido, akatoa simu mfukoni, akalitafuta jina la mtu wa kwanza wa kumwambia. Lilikuwa bado lipo, pamoja na picha ya Berchmans. Akairudisha simu mfukoni. Baadaye akampigia Ingrid, na wakalia wote wawili kwenye simu, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyeanza.

Jioni ya kipindi cha kwanza, karani alimletea muhtasari wa kozi wa kusaini. Mahali palipoandikwa "Wahadhiri" kwa miaka minne, sasa paliandikwa "Mhadhiri". Alisaini. Akaingia darasani, akawauliza wanafunzi wapya mikono yao imeshika nini leo, akawagawia karatasi tupu. Waliandika wakinong'ona, wakajibandika. Akaanza kuita.

"Begi?"

"Lipo!"

"Mashine?"

"Ipo, mwalimu."

Karatasi ya nyuma kabisa ilikuwa kifuani mwa kijana mwenye macho ya usingizi, aliyejitambulisha kwamba anaitwa Ngabo na anapakua chakula kwenye hoteli ndogo karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa ameandika neno lake kwa herufi kubwa, za kujivunia. Mukunde alilisoma mara mbili. Angeweza kumwambia achague jingine. Lakini mikono yake ndiyo iliyokishika, na hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na kanuni ilikuwa ya Mukunde mwenyewe, yenye ushahidi na saini.

"Kijiko?" aliita.

"Iko!" alijibu Ngabo.

Darasa lilicheka kidogo, likasubiri. Mukunde alishika ukingo wa meza.

"Kipo," alisema. "Sema: kipo."

"Kipo, mwalimu."

"Tena," alisema, na akageukia ubao kutafuta chaki iliyokuwa mkononi mwake.

"Kijiko kipo."